Choo kinapofunga: dawa za kifafa, za kukojoza na za kulegeza misuli

Swali: "Mama yangu ana miaka 64, ana kisukari na presha. Miezi hii choo kinamshinda, anakaa siku nne au tano. Mapapai anakula, maji anakunywa. Akipewa dawa ya kulainisha anapata nafuu, ikiisha tatizo linarudi pale pale. Yaweza kuwa ni dawa zake? Tutajuaje?"

Ndugu yangu, mpe mama pole. Naam, yaweza kuwa ni dawa zake, na huenda si zile ambazo watu huzishuku kwanza. Ukiuliza dukani utatajiwa kodeini na vidonge vya kuongeza damu, na ni kweli vinafunga choo. Lakini katika kazi yangu ya kutoa dawa hapa Mombasa nimeona makundi matatu yakipita bila mtu kuyatilia shaka, nayo ni dawa za kifafa, dawa za kukojoza na dawa za kulegeza misuli. Hupita kwa sababu mgonjwa hajui kwamba anazinywa. Mwenye kisukari aliyeandikiwa pregabalini au gabapentini kwa ajili ya ganzi na moto wa nyayo hana kifafa, kwa hiyo hawezi kujua kwamba dawa yake imo katika kundi hilo, na kwamba kufunga choo ni mojawapo ya madhara yake yanayojulikana sana.

Nieleze kisa cha mama mmoja wa Kisauni, wa makamo ya mama yako, kwa sababu dawa zote tatu zilikutana kwake, tena kwa mpangilio ninaouona mara kwa mara. Binti yake alikuwa akija kununua dawa ya kulainisha choo, na alipoirudia nilimwomba alete kila kitu ambacho mama anakinywa, hata kile anachokinywa siku mojamoja. Alileta mfuko. Ndani mlikuwa na metfomini, dawa ya presha, pregabalini, furosemaidi, na kibahasha cha karatasi kilichoandikwa "1x3" kwa kalamu, bila jina la dawa.

Tulipanga orodha kwa tarehe badala ya ugonjwa, na hilo ndilo jambo ninalokuomba uanze nalo. Kila dawa iandike jina lililo kwenye boksi, jina la dawa yenyewe kwa herufi ndogo chini yake, kipimo, mwezi ilipoanza, mwezi kipimo kilipobadilishwa na sababu ya kupewa. Pembeni andika choo kilianza kubadilika lini, pamoja na mambo mengine mapya, kama vile kinywa kukauka, mkojo kutoka kwa shida, miguu kuvimba, kukakamaa kwa misuli au kizunguzungu. Usidharau mambo hayo madogo, maana mara nyingi ndiyo yanayoonyesha ni dawa gani.

Metfomini na dawa ya presha zilikuwa za miaka mingi, na choo chake kilikuwa kizuri muda wote huo. Metfomini kwa kawaida huharisha, kwa hiyo niliiweka kando. Pregabalini ilianza Januari, milligramu 75 usiku, na Februari ikawa mara mbili kwa siku. Mwisho wa Februari choo kikaanza kuwa kigumu na miguu ikavimba. Kuvimba miguu nako ni dhara la pregabalini, lakini aliyemwona alidhani ni maji ya mwilini yaliyozidi, akamwandikia furosemaidi milligramu 40 kila asubuhi. Hivyo dhara la dawa moja likatibiwa kwa dawa nyingine, na hiyo ya pili nayo ikaongeza tatizo la choo. Dawa ya kukojoza huondoa maji mwilini, choo kikabaki kikavu, na hupoteza potasiamu kwenye mkojo. Potasiamu ikishuka, misuli ya utumbo hulegea na kusukuma kwa uvivu, na hapo maji ya kunywa na mapapai peke yake hayatoshi.

Kisha nililitazama boksi la dawa ya presha. Jina liliishia na herufi H. Herufi hiyo mara nyingi ina maana kwamba ndani ya kidonge kuna haidroklorothiazaidi, ambayo pia ni dawa ya kukojoza, na hapa ilikuwa milligramu 12.5 pamoja na losatani. Kumbe mama alikuwa akinywa dawa mbili za kukojoza huku familia ikijua moja tu. Kwa miaka hiyo yote kipimo hicho kidogo hakikumsumbua. Shida ilianza kilipoongezewa furosemaidi.

Kile kibahasha cha "1x3" kilikuwa ofenadrini iliyochanganywa na parasetamoli, imenunuliwa Aprili kwa maumivu ya mgongo. Ofenadrini hulegeza misuli, lakini pia huzuia ujumbe wa neva unaouamsha utumbo, na ishara yake ni kinywa kukauka na mkojo kusitasita. Mama alikuwa na yote mawili. Ni baada ya dawa hiyo ndipo alipoanza kukaa siku nne.

Nilimwandikia binti barua fupi pamoja na orodha hiyo, waende nayo kwa daktari. Daktari hakuiamini orodha peke yake, na alifanya vyema. Aliuchunguza moyo, akapima figo, kwa sababu pregabalini hutoka kwa njia ya figo na figo zikidhoofu kipimo kile kile huwa kikubwa mno, akapima pia chumvi za damu. Potasiamu ilikuwa 3.1, na kiwango cha chini kinachokubalika ni 3.5. Ofenadrini ilisimamishwa kwanza kwa kuwa ilikuwa ya maumivu tu. Pregabalini ikarudishwa polepole hadi kidonge kimoja cha usiku. Miguu iliponywea, furosemaidi ikaondolewa na potasiamu ikarekebishwa. Wakati huo alitumia laktulosi, mililita 15 mara mbili kwa siku. Walibadilisha jambo moja kwa wakati, wakingoja wiki moja au mbili kati ya badiliko na badiliko, la sivyo usingejua ni lipi lililosaidia. Choo kilirudi taratibu, na laktulosi ikaachwa mwishoni kabisa.

Sasa nakusihi jambo moja: msimwachishe mama dawa wenyewe. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla zaweza kuleta degedege, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa, na baklofeni, ambayo ni ya kulegeza misuli, ni vivyo hivyo. Mwenye moyo dhaifu akiachishwa furosemaidi aweza kujaa maji mapafuni. Dawa za kuamsha utumbo kama bisakodili nazo zisitumiwe kila siku pamoja na dawa ya kukojoza bila daktari kujua, kwa sababu kuharisha huishusha potasiamu zaidi.

Tarehe zisipolingana, yaani choo kilifunga kabla ya dawa mpya, basi tafuteni kwingine, maana kisukari chenyewe huweza kudhoofisha neva za utumbo, na tezi ya shingo ikilala nayo hufunga choo. Hiyo hujulikana kwa kipimo cha damu. Na akiona damu kwenye choo, akipungua uzito bila sababu, au tumbo likijaa huku anatapika na upepo hautoki, msingoje kupanga orodha. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na ule mfuko wa dawa mwende nao.