Usimwite mtu Mheshimiwa kabla hujasoma chini ya sahihi yake

Juma lililopita dada mmoja wa Bukavu aliniandikia. Amepata kazi katika ofisi ya transiti, anatakiwa kuandikiana na watu wa Dar es Salaam kwa Kiswahili, na hajui aanze vipi. "Sijui kama ni shefu ao ni karani," akasema. Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu swali hilo lilinigharimu mwaka mzima wa aibu hapa Lubumbashi.

Nilipoanza kazi hii nilijiona bingwa wa barua. Shuleni tulifundishwa barua ya Kifaransa mpaka tukaiota: anwani, tarehe, "Monsieur le Directeur", halafu mwishoni ile sentensi ndefu, "Veuillez agréer, Monsieur le Directeur, l'expression de mes sentiments distingués". Kiswahili nilikizaliwa nacho. Nikaona kazi ni kuunganisha tu.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa jibu kwa ofisi moja ya huko iliyokuwa inashughulikia makontena yetu mawili ya vipuri, yanayopita Tunduma na Nakonde mpaka Kasumbalesa. Barua yao ilikuwa na sahihi, jina la mtu, na chini yake maneno haya: "Kny: MKURUGENZI MTENDAJI". Sasa, sisi Wakongo tunapenda cheo mbele ya jina. Injinia anaandika Ir, mwalimu wa chuo kikuu anaandika CT, na ukisahau hizo herufi mbili utaona uso wake. Nikasema Kny lazima ni cheo cha huko. Nikaandika kwa herufi nene: "Mheshimiwa Kny. Mkurugenzi Mtendaji".

Kny ni kifupi cha "kwa niaba ya". Aliyetia sahihi alikuwa karani, ametia sahihi badala ya mkubwa wake. Ni kitu kilekile tunachokiandika P.O. kwenye barua zetu za Kifaransa, na P.O. ninaijua tangu zamani! Ila haikunijia.

Na mwisho wa barua ulikuwa mbaya kuliko mwanzo. Nilitafsiri ile sentensi ya shuleni neno kwa neno: "Pokea, Mheshimiwa, maelezo ya hisia zangu za kipekee." Kwa Kifaransa sentensi hiyo haina maana yoyote, ni kama kufunga mlango taratibu. Kwa Kiswahili nilikuwa nimemtongoza kijana wa watu kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni. Baadaye alinisimulia kwa simu kwamba ofisi nzima iliisoma na wakamwita bwana harusi wiki mbili. Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo nikikumbuka masikio yanawaka.

Kwa hasira nikageuka upande wa pili. Nikasema kumbe watu hawa hawataki makuu, basi nitawasalimia kama ninavyomsalimia mtu yeyote sokoni Kenya, mtaa wa hapa kwetu Lubumbashi. Ankara ilipochelewa nikamwandikia mtu wa fedha, ambaye nilijua herufi za kwanza za jina lake tu: "Jambo, habari yako? Naomba ankara." Hapa Lubumbashi "jambo" ni salamu kamili. Unamwambia jirani, unamwambia padri, hakuna anayekasirika. Huko Dar neno hilo peke yake wanaambiwa watalii. Jibu lilikuja la mstari mmoja bila salamu: "Ankara imeambatishwa."

Nikampigia simu yule bwana harusi wangu. Akasema, "Dada, yule ni mama mtu mzima. Hata mkurugenzi akiingia asubuhi anamwamkia shikamoo."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo shuleni halikuwepo. Kwao kuna ngazi mbili na haziendi pamoja. Cheo kina neno lake na umri una neno lake. Mkurugenzi wa miaka 40 anampa shikamoo mhasibu wa miaka 58, na yule mama anaitikia "marahaba", kisha anapokea maagizo yake bila shida yoyote. Sisi huku shikamoo hatuna katika maongezi ya kila siku, heshima yetu yote tumeiweka kwenye "mama", "papa" na "shefu". (Na hiyo "shefu" imeshuka thamani. Polisi ni shefu, mlinzi ni shefu, anayekuuzia yuniti ni shefu.) Kwa hiyo ukiandika kutoka huku hujui cheo na hujui umri, una mashimo mawili ya kutumbukia.

Dada yangu wa Bukavu, nisikilize sasa. Barua rasmi iandikie kiti, usimwandikie mtu. Juu weka "Mkuu wa Idara ya Fedha", jina la ofisi na S.L.P. yao. Kiti hakina umri wala jinsia. Kisha weka "Ndugu," peke yake. Najua masikio ya Kikongo yanakataa, kwetu ndugu ni mtoto wa mama yako au mtu wa kanisani. Kwao neno hilo limekuwa la ofisini tangu enzi za Nyerere, linamfaa mwanamume na mwanamke, mkubwa na karani. Mheshimiwa waachie waziri, mbunge, jaji na wenzao. Shikamoo usiiandike kwenye barua rasmi. Hiyo ni ya mdomo, au ya ujumbe wa simu kwa mtu ambaye tayari unajua amekuzidi.

Kwenye imeili fupi, "Habari za kazi" inatosha. Usiseme za asubuhi, wao wako saa moja mbele yetu na asubuhi yako inaweza kuwa mchana wao.

Barua yangu ya pili kwa yule mama ilikuwa hivi, na sikuongeza neno:

Yah: Ankara ya kontena la pili
Ndugu,
Habari za kazi. Ankara tuliyopokea inaonyesha kontena moja, nasi tuna mawili. Naomba mtusaidie kurekebisha.
Naomba kuwasilisha.

Chini nikaweka jina langu, kazi yangu na Lubumbashi. Tazama pia ile "mtusaidie". Wingi unaiambia ofisi nzima, haumnyooshei mtu mmoja kidole. Na "Naomba kuwasilisha" inafunga barua bila hisia za mtu yeyote. Kuna wanaofunga kwa "Wako katika ujenzi wa Taifa", niliitamani, nikajiuliza taifa lipi, nikaiacha.

Jibu lilirudi siku ileile, na safari hii alianza na "Ndugu" na kumaliza kwa jina lake kamili. Hapo ndipo pa kutazama: mtu akikuandikia mara ya pili, soma alivyokuita na alivyojiita, kisha umfuate hapohapo. Akitia jina la kwanza tu, amelegeza. Akiweka cheo chote, usilegeze wewe kwanza. Vijana wengi wa siku hizi wanaharakia kulegeza, wanaona ni usasa, halafu wanalalamika hawajibiwi. Soma chini ya sahihi! Mimi nilidharau mstari mmoja wa herufi tatu nikawa kichekesho cha ofisi nisiyowahi kuiona.

Mwezi uliopita nilimpigia simu yule mama kuhusu mzigo mwingine. Nikavuta pumzi nikasema shikamoo, kwa lafudhi yangu ya Katanga. Akanyamaza kidogo, akasema, "Marahaba mwanangu. Wewe ndiye yule wa hisia za kipekee?"