Kuchora juu ya video ya mtu bila kunakili kila fremu

Mara ya kwanza nilipochora katuni juu ya video ya mtu halisi, nilifuata fremu moja baada ya nyingine kwa uangalifu mkubwa, na nilichopata mwishoni ni mtu anayeelea. Tukio lilikuwa rahisi: mtu anainama, anainua sanduku zito kutoka sakafuni, kisha analiweka mezani. Lilichukua sekunde tatu, yaani fremu 72, na kwa kuwa kila mchoro ulikaa kwa fremu mbili, nilichora michoro 36. Kila mchoro ukiutazama peke yake haukuwa na kasoro. Ilipochezwa yote pamoja, mistari ya mwili ilitetemeka, na sanduku lilionekana kama limejaa hewa, ingawa katika video mtu yule alikuwa akihangaika nalo kwelikweli.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Max Fleischer aliiombea hataza mwaka 1915 akaipata mwaka 1917, baada ya kubuni mashine iliyomulika filamu fremu kwa fremu juu ya kioo ili mchoraji afuatilie picha kwa kalamu. Siku hizi kioo kimekuwa leya ya chini katika programu ya kuchorea, lakini hatari ya kufuatilia mno haijabadilika. Katika video, uzito hauonekani kwenye ukingo wa mwili pekee. Umo pia katika vivuli, mikunjo ya nguo, mtetemo wa misuli na ukungu unaojitokeza kiungo kinapokwenda kasi. Mchoro wa mistari unabakiza ukingo na kuyaacha mengine yote. Tena mkono wa mchoraji hukosea kidogo katika kila mchoro, na pale mwili unapokaribia kutulia, kosa hilo huwa kubwa kuliko mwendo wenyewe. Hapo ndipo mtetemo unapozaliwa.

Kwa hiyo sasa ninachochukua katika video ni muda na uzito, na umbo ninalichora mwenyewe. Kazi huanza wakati wa kurekodi. Kamera iwe imara juu ya miguu yake, kwenye kimo cha kiuno, na iwe mbali kiasi cha mita nne au tano kisha ivute picha karibu, kwa sababu ikiwa karibu mno mkono unaonyooshwa kuelekea kamera hukuzwa kupita kiasi. Mwanga uwe mwingi ili picha zisiwe na ukungu. La muhimu kuliko yote, sanduku liwe na uzito wa kweli. Nimejaribu kumwomba mtu ajifanye anainua kitu kizito, na mwili ulinikatalia: mabega yaliigiza, lakini visigino na nyonga havikuigiza.

Simu nyingi hurekodi kwa kasi inayobadilikabadilika, na hilo huharibu hesabu ya muda. Kabla ya kuchora chochote mimi hutoa fremu kwa kasi moja isiyobadilika:

```
ffmpeg -i rejea.mp4 -vf fps=24 fremu_%04d.png
```

Kisha ninaitazama video mara nyingi bila kushika kalamu ya kuchorea, nikiandika tu namba za fremu ambapo nguvu inabadilika mwelekeo. Si lazima ziwe fremu zenye picha nzuri. Katika tukio la sanduku nilipata saba: fremu ya 1, mtu amesimama; ya 14, nyonga zimefika chini kabisa; ya 22, vidole vimeshika; ya 30, mikono imenyooka na mabega yamevutwa chini; ya 37, sanduku linaachana na sakafu; ya 54, limeegemea paja; na ya 72, limekaa mezani.

Tazama nafasi iliyo kati ya fremu ya 30 na ya 37. Kwa fremu saba mwili unapanda huku sanduku likiwa halijasogea hata kidogo: magoti yanaanza kunyooka, mgongo unakaza, uzito unahamia visiginoni. Uzito wote wa tukio umo humo. Katika jaribio langu la kwanza nafasi hiyo ilipata michoro mitatu au minne iliyofanana karibu sawa, ikatetemeka, na jicho likapita bila kuona kitu. Safari hii niliirefusha hadi fremu 12, nusu sekunde kamili, kwa sababu mchoro uliorahisishwa hauna misuli wala mishipa ya kumweleza mtazamaji kinachoendelea, na hivyo anahitaji muda zaidi wa kuusoma mwili. Fremu tano nilizoongeza nilizifidia kwa kufupisha mwinamo wa mwanzo.

Michoro hiyo saba siichori juu ya video. Ninaiweka video pembeni, ninachora kila mkao upya kwa mistari michache, kisha ninauzidisha: mgongo wa fremu ya 30 niliupinda zaidi ya ulivyopinda mtu, na nyonga nikazisukuma nyuma zaidi, mbali na sanduku. Kipimo changu cha kuzidisha ni kuujaza mchoro rangi nyeusi tupu. Ikiwa kivuli hicho kinaonyesha nani anavuta na nini kinakataa kuvutwa, mkao umetosha.

Baada ya hapo ndipo ninapoirudisha video chini ya michoro, na hata hapo sifuatilii ukingo wa mwili. Ninaweka nukta tu, kwenye nyonga na visigino. Mhusika wangu alikuwa na kichwa kikubwa na miguu mifupi, kwa hiyo nukta za mtu halisi hazikuweza kuhamishwa zilivyo. Nilizihamisha kwa uwiano. Ikiwa nyonga za mtu zilishuka nusu ya urefu wa miguu yake, za mhusika nazo zilishuka nusu ya miguu yake mifupi. Visigino vinavyokanyaga vibaki palepale fremu zote za kukanyaga, kwani vikiteleza hata kidogo, mhusika ataonekana anaelea na kazi yote itakuwa bure.

Nukta za nyonga ndizo zinazonionyesha kosa mapema. Ninazifungua zote kwa pamoja na kutazama umbali uliopo kati yake. Zikiwa na umbali sawa toka mwanzo hadi mwisho, uzito haupo, hata kama mikao ni mizuri. Zikiruka huku na huku kama meno ya msumeno, nimefuata mtikisiko mdogo wa video ambao ungepaswa kulainishwa. Zinapaswa kubanana kabla ya sanduku kuondoka sakafuni, kisha kuachana mara linapoondoka. Michoro ya kati ninaichora kwa kufuata nafasi hizo, bila kuifungua tena video.

Sehemu moja bado ninaifuatilia mstari kwa mstari, nayo ni vidole vinapojipenyeza chini ya ukingo wa sanduku, kati ya fremu ya 18 na ya 22. Mpangilio wa vidole vinavyoshika kitu ni mgumu kubuni kichwani, na kwa kuwa mkono umebanwa na sanduku, mistari yake haipati nafasi ya kutetemeka. Nikishapata mshiko wa fremu ya 22, ninaunakili mchoro huohuo mmoja na kuubeba pamoja na sanduku mpaka litakapoguswa na paja.