Ukikatisha malipo ya simu au sofa, kitu kinabaki cha nani?

Nilichukua simu ya kulipa kila siku, dipoziti 3,000 halafu 60 kwa siku mwaka mzima. Miezi mitano nimelipa vizuri, sasa kazi imeisha. Nikirudisha simu watanirudishia pesa yangu? (Msomaji, Kayole)

Pole sana kwa kazi kaka. Jibu lenyewe halitakufurahisha, kwa mikataba mingi ya aina hii hapa Kenya pesa hairudi. Sababu ni kwamba kisheria ulikuwa bado hujanunua chochote, ulikuwa umekodi simu na umepewa nafasi ya kuwa mwenyewe siku utakayolipa shilingi ya mwisho. Mpangaji akihama haambii landilodi amrudishie kodi ya miezi aliyolala pale, na hapa ni hivyo hivyo, zile 60 za kila siku zinahesabiwa kama malipo ya kuitumia. Watu wengi wanadhani wakifika nusu basi nusu ya simu ni yao. Hakuna kitu kama hicho, umiliki haugawanyiki kwa asilimia, unahama wote siku moja ama hauhami kabisa.

Kabla hujairudisha lakini kaa chini upige hesabu. Siku 365 kwa 60 ni 21,900, ongeza dipoziti inakuwa 24,900, hiyo ndio bei yako kamili. Miezi mitano ni kama siku 150, yaani 9,000 na ile 3,000, umelipa 12,000. Imebaki 12,900. Ukiirudisha leo unaondoka mikono mitupu na ile 12,000 imeshaenda, kwa hivyo swali la kujiuliza ni je, naweza kupata 12,900 mahali, au hata wanipe muda? Piga simu kastama kea uulize mambo mawili: ukilipa yote kwa mkupuo wanapunguza ngapi (wengine wanapunguza, maana sehemu ya hiyo bei ni gharama ya muda na muda haujaisha), na kama wanaweza kukusogezea tarehe. Majibu yao waombe kwa meseji, ejenti akikuahidi kwa mdomo kesho anaweza kuwa amehamishwa na hakuna anayejua mliongea nini.

Kama kweli huwezi, basi funga mkataba vizuri. Andika kwamba unausitisha, peleka simu mwenyewe na chaja yake, lipa siku ulizokuwa nyuma kama zipo, halafu usitoke pale bila karatasi inayosema simu imepokelewa tarehe fulani ikiwa katika hali fulani, namba ya IMEI ni hii (bonyeza *#06# utaiona), na akaunti haidaiwi kitu. Hiyo sentensi ya mwisho ndio ya maana kuliko zote. Na usisahau kutoa vitu vyako kwa simu kabla hujaipeana, picha, akaunti ya Google, kila kitu.

Kwani nikiacha tu kulipa na simu ijifunge, si mkataba umeisha wenyewe? (Msomaji, Kisumu)

Hapana, na hapa ndipo watu wanaumia. Simu kujifunga ni njia yao ya kukukumbusha kwa nguvu, mkataba bado uko hai na wewe bado uko na mali ya watu nyumbani. Kuna mikataba ambayo siku za kufungwa hazihesabiwi, muda unasogea mbele tu, na kuna mingine deni linaendelea kupanda na faini juu. Huwezi kujua ni upi mpaka usome kile kipengele cha kuchelewa malipo, kiko pale kwenye zile kurasa ulizobonyeza "Kubali" ukiwa dukani. Baadaye jina linaweza kupelekwa CRB, halafu siku unataka mkopo wa maana, wa shamba au wa karo, unakuta simu ya zamani imekungoja pale.

Hata kusimamisha malipo ya M-Pesa Ratiba au kumwambia benki aache kukata sio kusitisha mkataba. Umefunga bomba la pesa tu. Mkataba unasitishwa kwa kumwambia mwenye mali na kumrudishia mali yake.

Mimi ni mwalimu, nilichukua sofa ya jumla 90,000 wanakata kwa mshahara. Nimeshalipa 64,000, makato yakakwama miezi miwili, sasa wananipigia kwamba Jumamosi wanakuja na gari kuchukua sofa. Wanaweza? (Msomaji, Machakos)

Mwalimu, soma hii yote kabla Jumamosi haijafika. Kenya iko na sheria ya ununuzi wa kukodi, Sura ya 507, ya tangu 1968, na ndani yake kuna kinga ambayo watu wengi hawajawahi kuisikia. Ukishalipa theluthi mbili ya bei yote ya mkataba, mwenye mali haruhusiwi kuja kujichukulia kitu chake hivi hivi, lazima aende kortini kwanza. Theluthi mbili ya 90,000 ni 60,000. Wewe uko 64,000, umeshapita. Sofa bado si yako, hilo lieleweke, umiliki unangoja shilingi ya mwisho, ila haki yao ya kuichukua sasa inapitia kwa hakimu. Na wakiichukua kwa nguvu bila korti, sheria inawaadhibu vikali, mkataba unakufa, deni lililobaki linafutika na wewe unaweza kudai ulichokuwa umelipa.

Angalia lakini wanachohesabu ni bei gani. Ni ile bei ya mkataba, yaani dipoziti pamoja na makato yote hadi mwisho. Bei ya keshi iliyobandikwa kwa sofa dukani siku ile haihusiki. Wengine wanapiga theluthi mbili ya bei ya keshi wanajiona wamefika na bado. Kusanya peislipu zako zote na risiti ya dipoziti, jumlisha mwenyewe, usitegemee hesabu ya mtu wa simu.

Sasa mtego wenyewe. Wale vijana wa gari wakifika mara nyingi wanakuja na fomu, wanaongea kwa upole kabisa, "madam tia sahihi hapa tu tuonyeshe tumefika". Kumbe fomu inasema umerudisha sofa kwa hiari yako. Ukitia sahihi hiyo kinga yote imeyeyuka, kwa sababu sheria inakulinda dhidi ya kunyang'anywa, na mtu aliyerudisha mwenyewe hajanyang'anywa. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma mlangoni. Waambie kwa utaratibu kwamba umelipa zaidi ya theluthi mbili na wakitaka sofa waende kortini, waandikie hivyo pia kwa meseji kabla ya Jumamosi, halafu uombe mpangilio wa ile miezi miwili maana hiyo kweli unadaiwa. Kama makato yalikwama kwa sababu mikopo mingine imejaza peislipu, waonyeshe peislipu yenyewe, kwani sheria ya kazi ya 2007 hairuhusu makato yapite theluthi mbili ya mshahara.

Kwa yule kaka wa Kayole hapo juu, theluthi mbili ya 24,900 ni 16,600, na yeye yuko 12,000, kwa hivyo bado. Angefika kwenye siku ya 227 hivi. Na hata angefika, kufunga simu kwa mbali ni jambo lingine, sheria ya 1968 inaongea juu ya kuchukua kitu, haikuandikwa na mtu aliyewahi kuona simu ikizimwa kutoka ofisini.

Nimekuwa nikilipia seti ya viti dukani polepole, bei 45,000, nimefikisha 18,000 lakini viti bado viko kwao. Nimebadilisha mawazo. Wanasema pesa hairudi. (Msomaji, Mombasa)

Dada yangu, hii ni biashara tofauti kabisa na hizo za juu. Wewe hujakalia hivyo viti hata siku moja, kwa hivyo hawawezi kusema 18,000 ni malipo ya kutumia. Uliahidi kununua ukatanguliza pesa. Ukijitoa umevunja ahadi na wana haki ya kufidiwa hasara waliyopata kweli, mfano gharama ya kuhifadhi au kitambaa walichokata kwa rangi uliyochagua wewe. Viti vya kawaida vinavyouzika kesho kwa mteja mwingine, hasara yake ni ndogo, na kumeza 18,000 nzima ni jambo la kupinga. Angalia nyuma ya risiti kama waliandika chochote kuhusu kujitoa, uwaandikie ukiomba warudishe baada ya kutoa gharama wanazoweza kuzionyesha. Wakikataa nenda Korti ya Madai Madogo, inasikiliza madai hadi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria yake inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Wengi wanakubali kukaa mezani hata kabla ya kufika huko.

Na kwa wanaoendelea kulipia hivi: hakikisha viti vyako vimetengwa na vina jina lako. Kama duka lina seti kumi zinazofanana na hakuna aliyesema hii ni ya fulani, basi huna umiliki wa seti yoyote, unachodai ni pesa tu, na duka likifunga unapanga foleni na wadai wengine.

Nilinunua simu mkononi kwa jamaa, wiki ya pili ikajifunga inadai malipo ya mkopo. Mimi nilimlipa yote. Simu ni ya nani? (Msomaji, Nakuru)

Ni ya kampuni, pole sana. Jamaa alikuuzia kitu ambacho hakikuwa chake na huwezi kupokea umiliki kwa mtu asiye nao. Hii si kanuni ya juzi. Mwaka 1895 korti ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kesi ya Helby na Matthews: mtu alikuwa amechukua piano ya kulipa kwa awamu 36, akiwa na ruhusa ya kuirudisha wakati wowote, akaiweka rehani kabla hajamaliza. Korti ikasema kwa kuwa hakulazimika kununua, piano bado ni ya mwenyewe, na mwenye duka la rehani akairudisha. Mikataba yetu ya leo imejengwa juu ya wazo hilo hilo.

Fundi akikwambia ataiflashi usikubali, kufuli hizi nyingi zinarudi simu ikiingia kwa mtandao, na kuharibu kufuli ya mali ya mtu ni kujitafutia kesi. Mtafute muuzaji, ana deni lako. Vinginevyo ongea na kampuni, uwaulize balansi, wakati mwingine kumalizia kiasi kidogo ni nafuu kuliko kuanza upya, ila risiti iandikwe kwamba simu sasa ni yako kwa sababu akaunti iko kwa jina lake.

Nimemaliza kulipa tangu mwezi jana lakini apu yao bado iko kwa simu. Je, bado si yangu? (Msomaji, Thika)

Ni yako tangu ile siku balansi iligonga sifuri, apu kubaki haibadilishi hilo. Lakini waambie waitoe, kwa maandishi, ukiambatanisha meseji ya malipo ya mwisho, uombe na barua ya kumaliza deni. Barua hiyo iweke mahali salama nje ya simu, maana siku unauza simu mnunuzi ataiulizia.