Kuigeuza barua pepe kuwa memo rasmi ya karatasi

Barua pepe nyingi za kazini ni memo tayari. Zinatoka kwa mtu mmoja kwenda kwa wenzake wa ofisi hiyo hiyo, zinatoa taarifa au agizo, na ni fupi. Ndiyo maana ukiambiwa "ichape tuiweke kwenye faili na ubaoni," unaona ni kazi ya dakika moja. Kisha karatasi inatoka kwenye printa ikiwa na anwani za watu ishirini zimerundikana juu, mada inaanza na "Fwd: Re:", na mstari mmoja unasema fomu inapatikana "hapa", wakati kwenye karatasi hakuna cha kubofya.

Tatizo si mpangilio peke yake. Barua pepe husaidiwa na skrini: mfumo unaandika tarehe na saa, unaonyesha nani katuma na nani kapata nakala, na mazungumzo ya jana yapo chini yake kwa anayetaka kukumbuka. Karatasi haina msaada huo. Kila kilichokuwa kinasemwa na skrini inabidi sasa kiandikwe, na kila neno lililoitegemea skrini libadilishwe.

Tuchukue mfano huu. Ni barua pepe iliyotumwa Jumanne tarehe 10 Machi 2026, na mada yake ni "umeme jumamosi":

"Habari zenu wote. Kama tulivyoongea jana, mafundi watakuja Jumamosi hii kubadilisha swichi kuu ya ghorofa ya pili, kwa hiyo hakutakuwa na umeme kuanzia saa 2 asubuhi mpaka kama saa 10 hivi. Naomba kompyuta zote zizimwe Ijumaa kabla ya kutoka na funguo ziachwe kwa mlinzi. Ratiba nimeambatisha, na fomu ya funguo iko hapa. Mwenye kazi ya dharura aniandikie mapema. Asanteni."

Kama barua pepe, haina kosa lolote. Kabla ya kufungua ukurasa mpya, isome na kalamu mkononi upigie mstari maneno yanayoning'inia: "jana", "Jumamosi hii", "kama saa 10 hivi", "nimeambatisha", "hapa", "aniandikie". Mtu atakayeikuta karatasi hii kwenye faili baada ya miezi sita hatajua jana ni lini wala amwandikie nani. Kila neno ulilolipigia mstari lipate jibu kamili: Jumatatu tarehe 9 Machi, Jumamosi tarehe 14 Machi 2026, na kadhalika. "Kama saa 10 hivi" usiliamue mwenyewe. Muulize aliyetuma. Ukiandika "saa 10:00 jioni" kwa kukisia, kwenye waraka rasmi hiyo imekuwa ahadi.

Sasa kichwa cha waraka. Juu kabisa huwa jina la taasisi, chini yake neno MEMO au WARAKA WA NDANI, halafu mistari minne: KWA, KUTOKA KWA, TAREHE na KUH. (ofisi nyingine huandika YAH.). Ofisi inayotunza majalada kwa namba huongeza KUMB. NA., na namba hiyo hutolewa masjala, haibuniwi na mchapaji.

Kwenye KWA, anwani za barua pepe zinaondoka na vyeo vinaingia. Wakiwa watu wawili au watatu, waandike kwa kufuata ngazi zao. Wakiwa wa ngazi moja, fuata alfabeti. Wakizidi hapo, tumia jina la kundi, kama "Wakuu wa Idara Wote", au andika "Angalia mgawanyo" na orodha iwekwe mwisho wa waraka. Waliopata nakala ya wazi wanaandikwa chini kabisa, kwenye NAKALA KWA. Waliopata nakala ya siri hawaandikwi mahali popote. Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu barua pepe ikichapwa kutoka kwenye kompyuta ya mtumaji, majina yao yanaweza kuonekana, na mchapaji akayanakili bila kujua.

Tarehe huwachanganya wengi. Barua pepe ilitumwa tarehe 10, memo inatiwa sahihi tarehe 11. Andika tarehe 11, siku waraka unapotolewa, kisha aya ya kwanza itaje kwamba unathibitisha barua pepe ya tarehe 10. Ukirudisha tarehe nyuma, utakuwa na karatasi inayodai ilikuwepo siku ambayo haikuwepo, na mtu aliyeipokea tarehe 11 atalaumiwa kwa kuchelewa siku moja.

Mstari wa mada ndio unaostahili muda wako zaidi. "Umeme jumamosi" inatosha kwenye skrini, ambako mtu anaifungua ndani ya saa moja. Kwenye faili, mada ndiyo inayosomwa na anayetafuta, na mara nyingi hasomi zaidi ya hapo. Iseme nini kinatokea, wapi na lini: KUZIMWA KWA UMEME GHOROFA YA PILI, JUMAMOSI TAREHE 14 MACHI 2026. Ondoa "Re:" na "Fwd:" zote. Mada isipotosha mstari mmoja, iwe miwili, lakini ikifika mitatu ujue umeanza kuandika waraka ndani ya mada.

Salamu inaondoka. "Habari zenu wote" na "Asanteni" ni adabu ya barua pepe. Kwenye memo kazi ya kumtaja msomaji imefanywa na mstari wa KWA. Heshima inabaki ndani ya sentensi zenyewe: "mnaombwa", "tafadhali". Mwisho hauna "wako mtiifu" kama barua.

Kuhusu sehemu, usigawe kwa sababu tu memo zina vichwa vidogo. Barua pepe ya sentensi tatu ikigeuzwa iwe na sehemu nne, kila sehemu inabaki na mstari mmoja na ukurasa unaonekana kama fomu. Mfano wetu una mambo matatu yanayojitenga yenyewe: kinachotokea, wanachotakiwa kufanya watu, na pa kuuliza. Ziwe sehemu tatu, zenye namba, ili mtu aweze kusema kwenye simu "angalia 2(b)". Barua pepe yenyewe imechanganya agizo na taarifa katika aya moja. Hapo ndipo kugawa kunapomsaidia msomaji.

Matokeo yake ni haya:

KWA: Wakuu wa Idara, Ghorofa ya Pili
KUTOKA KWA: Mkuu wa Matengenezo
TAREHE: 11 Machi 2026
KUH.: KUZIMWA KWA UMEME GHOROFA YA PILI, JUMAMOSI TAREHE 14 MACHI 2026

Waraka huu unathibitisha barua pepe ya tarehe 10 Machi 2026 na mazungumzo ya tarehe 9 Machi 2026.

1. Kazi itakayofanyika
Mafundi watabadilisha swichi kuu ya ghorofa ya pili. Umeme utazimwa kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni.

2. Mnachoombwa kufanya
(a) Kompyuta zote zizimwe Ijumaa tarehe 13 Machi kabla ya kuondoka.
(b) Funguo za ofisi zikabidhiwe kwa mlinzi siku hiyo hiyo, pamoja na fomu ya makabidhiano (Kiambatisho B).

3. Kazi za dharura
Idara yenye kazi isiyoweza kusubiri imjulishe Mkuu wa Matengenezo kwa maandishi kabla ya saa 6:00 mchana, Alhamisi tarehe 12 Machi.

Viambatisho: A. Ratiba ya mafundi; B. Fomu ya makabidhiano ya funguo
Nakala kwa: Mkuu wa Ulinzi

"Iko hapa" imekuwa Kiambatisho B, yaani fomu yenyewe imechapwa na kubanwa nyuma. Usichape kiungo kirefu cha mtandao ukidhani mtu atakinakili herufi kwa herufi. "Mapema" nayo imepata siku na saa, na hiyo pia mtumaji ameulizwa. Mkuu wa Ulinzi alikuwa kwenye mstari wa nakala ya wazi wa barua pepe, ndiyo maana yuko hapo chini.

Kilichobaki ni uchapaji. Ukinakili maandishi kutoka kwenye barua pepe, yabandike Word kwa kuchagua Keep Text Only, la sivyo rangi, fonti na viungo vya bluu vinakuja navyo. Barua pepe ya maandishi matupu ina kasoro nyingine: mistari yake hukatwa kabla ya herufi 78, na kila mkato unaingia kama aya mpya, hivyo upande wa kulia unabaki umekatika ovyo katikati ya sentensi. Usifute mmoja mmoja. Fungua Find and Replace, fanya mabadiliko haya matatu kwa mpangilio huu:

```
^p^p  ->  ##
^p    ->  (nafasi moja)
##    ->  ^p
```

La kwanza linahifadhi aya za kweli, la pili linaunganisha mistari iliyokatwa, la tatu linarudisha aya. Ukiruka la kwanza, waraka wote unakuwa aya moja. Orodha zenye namba zitaunganika pia, kwa hiyo zitenganishe tena kwa mkono. Mistari isipobadilika kabisa, mikato yako ni ya aina nyingine: weka `^l` badala ya `^p` upande wa kutafuta katika hatua mbili za kwanza.

Karatasi ya A4, pambizo la sentimita 2.5 kila upande na herufi za ukubwa wa 12 vinatosha kwa memo kama hii kukaa ukurasa mmoja. Mistari ya kichwa usiipange kwa kugonga nafasi nyingi. Herufi za fonti nyingi hazina upana sawa, kwa hiyo kilicholingana kwenye skrini kinapinda mara fonti inapobadilika kwenye kompyuta nyingine. Weka kituo cha Tab kwenye sentimita 4, kisha gonga Tab mara moja baada ya kila neno la kichwa. Mada yenye mistari miwili ipe ujongezo wa kuning'inia wa sentimita 4 hizo hizo, ili mstari wa pili uanze chini ya mada, si chini ya KUH. Chora mstari mmoja wa mlalo chini ya kichwa.

Maneno yaliyokolezwa rangi nyekundu au kuwekewa njano kwenye barua pepe yageuze kuwa herufi nzito. Printa ya rangi moja hugeuza njano kuwa kijivu, na nakala ya fotokopi inaweza kuyafanya maneno yenyewe yasisomeke.

Waraka ukivuka ukurasa mmoja, ukurasa wa pili uwe na jina la mpokeaji, tarehe na namba ya ukurasa juu yake. Karatasi zikiachana, ya pili isibaki yatima. Kichwa kidogo kisiachwe peke yake mwisho wa ukurasa: kiteue, fungua Paragraph, uweke alama kwenye Keep with next.

Ukishachapa, mpelekee mtumaji kabla ya kutoa nakala. Katika memo za desturi, yeye huandika herufi za mwanzo za jina lake kwa kalamu kando ya mstari wa KUTOKA KWA. Ofisi yenu ikitaka sahihi kamili, acha nafasi ya mistari minne kabla ya cheo chake mwishoni, juu ya Viambatisho. Nakala hiyo yenye wino ndiyo inayokwenda kwenye faili. Za ubaoni zipigwe fotokopi kutoka kwake.