Deluxe, Collector's na Season Pass: hela ya ziada inaenda wapi?

Gemu ni moja, bei ni tatu. Ndivyo inavyokuwa kila gemu kubwa inapotangazwa: kuna Standard Edition, kuna Deluxe kwa dola ishirini au thelathini juu yake, halafu kuna Collector's yenye sanamu, ambayo bei yake ukiibadilisha kuwa shilingi unaanza kuwaza kodi ya nyumba. Nimekuwa nikinunua gemu kwa miaka mingi, za diski na za kupakua, na wadogo zangu mtaani huniuliza wachukue ipi. Huwa nawarudishia swali: hiyo hela ya juu inakupa gemu zaidi, au inakupa vitu vya pembeni?

Jina lililoandikwa kwenye boksi halitakujibu. Hakuna sheria inayosema Deluxe lazima iwe na nini ndani. Kampuni moja inaliita hivyo toleo lenye nguo mbili tatu za mhusika na nyimbo za gemu, nyingine inaweka humo sehemu mpya ya hadithi itakayotoka mwakani. Standard ndiyo pekee unayoweza kuizungumzia bila wasiwasi: ni gemu yenyewe, mwanzo hadi mwisho.

Chukua Elden Ring. Ilitoka Februari 2022 kwa dola 60, na Deluxe yake ilikuwa dola 80. Ile ishirini ya juu ilinunua kitabu cha michoro na muziki, vyote vya kidijitali. Basi. Ungeweza kudhani umejiwekea nafasi kwenye chochote kitakachokuja baadaye. Nyongeza yake ya hadithi, Shadow of the Erdtree, ilipotoka Juni 2024 kwa dola 40, mwenye Deluxe aliitoa hiyo arobaini sawasawa na mwenye Standard.

Starfield ya 2023 ilikuwa tofauti, na hesabu yake inachekesha kidogo. Standard dola 70, Premium dola 100. Premium ilikupa kuanza kucheza siku tano mapema, na ahadi ya nyongeza ya kwanza ya hadithi. Nyongeza hiyo, Shattered Space, ilifika Septemba 2024 ikauzwa peke yake kwa dola 30. Yaani aliyelipa mapema hakupunguziwa kitu kwenye nyongeza. Alikopesha dola thelathini kwa mwaka mzima, na riba yake ikawa zile siku tano. Halafu ilipotoka, manung'uniko yakawa mengi. Aliyesubiri alisoma manung'uniko hayo hela yake ikiwa bado mfukoni.

Season Pass, au Expansion Pass wengine wanavyoiita, ni ahadi ya namna hiyo hiyo: unalipa leo kwa nyongeza zitakazokuja. Ili tusionekane tunachagua mifano mibaya tu, tuchukue iliyo bora kuliko karibu zote. The Witcher 3 ilitoka Mei 2015 kwa dola 60. Pasi yake ilikuwa dola 25 na ilibeba nyongeza mbili. Hearts of Stone ikaja Oktoba mwaka huo huo, ikiuzwa dola 10 ukiichukua peke yake. Blood and Wine ikaja mwishoni mwa Mei 2016 kwa dola 20, na nchi nzima mpya ya kuzurura ndani yake. Wenyewe waliotengeneza walisema moja ni kama saa kumi na nyingine kama saa ishirini, na hawakudanganya. Zaidi ya hapo walitoa vifurushi vidogo 16 vya bure kwa kila mtu, mwenye pasi na asiye na pasi.

Sasa piga hesabu. Nyongeza mbili ukizinunua kila moja siku yake ni dola 30. Pasi ni 25. Pasi bora kabisa, ya watu waliotimiza walichoahidi, ilikuokolea dola tano. Na mwishoni mwa Agosti 2016 likatoka toleo la Game of the Year lenye gemu na nyongeza zote mbili kwa dola 50, wakati aliyenunua gemu na pasi siku ya kwanza alishatoa 85. Tofauti ni dola 35, na bei ya kuipata ni subira ya miezi kumi na tano.

Sisemi kila mtu asubiri. Kuna gemu ambazo raha yake ni kuzicheza wakati marafiki wote wanazicheza, na hilo nalo lina thamani. Ninachosema ni kwamba kulipia pasi mapema kunakuokolea kidogo sana ukilinganisha na unachoweza kupoteza: nyongeza inaweza kuchelewa, inaweza kuwa ya hovyo, au wewe mwenyewe ukawa umeshaichoka gemu.

Mara moja moja kibao hugeuka. Fallout 4 ilianza kuuza pasi yake kwa dola 30 mwaka 2015. Machi 2016 wakaipandisha hadi dola 50, wakisema nyongeza zimekuwa nyingi kuliko walivyopanga. Waliokuwa wameshanunua wakapata zote bila kuongeza senti, na ukizijumlisha bei zake moja moja zinafika karibu dola 70. Walioamini mapema walifaidi. Lakini angalia vizuri hizo nyongeza: zilikuwa sita, na tatu kati yake zilikuwa vifaa vya kujengea tu, bei yake dola tano kila kimoja. Kama hupendi kujenga, Far Harbor na Nuka-World ndizo zilizokuwa na nyama.

Kuna kipimo ninachokitumia kabla ya kununua nyongeza yoyote: je, nitafika huko? Kuingia Shadow of the Erdtree ni lazima uwe umeshawaua mabosi wawili wa Elden Ring, Radahn na Mohg, na Mohg si wa kukutana naye njiani. Ukurasa wa achievements wa Steam, duka la gemu za kompyuta, unaonyesha asilimia ya wachezaji waliopata kila tuzo. Tafuta tuzo ya kumaliza hadithi kuu, utaona ni watu wangapi hawajaifikia, kisha ujiulize uko kundi gani. Mimi sinunui nyongeza ya hadithi mpaka jina la mwisho lipite kwenye skrini ya gemu yenyewe. Nikifika hapo nikiwa bado nina hamu, nalipa bila kusita.

Wa mpira nawajua, mnanisubiri. Kwenye FC, gemu ya mpira ya EA, hakuna nyongeza ya hadithi ya kungojea. FC 24 kwenye PS5 ilikuwa dola 70, toleo la Ultimate dola 100, na ile thelathini ilikuwa siku saba za kutangulia pamoja na FC Points 4600 za kufungulia pakiti za wachezaji. Ukiwa mtu wa Ultimate Team, ile sehemu ya kujijengea kikosi kwa pakiti, kweli kweli, unayecheza kila wikiendi, zile siku saba na points zina maana kwako. Ila kikosi unachojenga hakihami, mwaka unaofuata unaanza upya. Na kama unacheza na kaka yako sebuleni, Arsenal na Man U, Ultimate haiongezi hata kona moja. Mei 2024 gemu hiyo ikawekwa kwenye gemu za mwezi za PS Plus, usajili wa kulipia wa PlayStation, kwa hiyo mwenye usajili aliipata bila kuinunua.

Sasa jambo linalotuhusu sisi hasa tunaonunua diski. PlayStation haina duka rasmi la Tanzania wala Kenya, kwa hiyo wengi wetu tuna akaunti ya Marekani, Uingereza au Emirates. Diski nazo zinakuja kutoka popote, nyingi kupitia Dubai. Nyongeza za PlayStation hufuata eneo la gemu: ukiwa na diski ya Ulaya kisha ukanunua pasi kwa akaunti ya Marekani, duka litapokea hela, mafaili yatashuka, na ndani ya gemu hutaona kitu. Hakuna ujumbe wa kosa. Unabaki unafungua menyu na kufunga.

Dalili iko kwenye boksi. Angalia kona ya chini mbele: ukiona herufi kama E, T au M, hiyo ni alama ya umri ya ESRB, diski ya Marekani. Ukiona namba kama 12, 16 au 18 ya PEGI, ni ya Ulaya. Kwenye diski yenyewe kuna namba inayoanza na CUSA kwa PS4 au PPSA kwa PS5, na gemu moja ina namba tofauti kwa kila eneo. Nunua nyongeza kwenye duka la eneo hilo.

Na diski ya mtumba iliyoandikwa Deluxe usiilipie zaidi ya Standard. Juzi dukani muuzaji alinishikilia: "Boss, hii Deluxe hii, kila kitu kimo." Nikafungua boksi, ndani kuna karatasi ndogo yenye code, yaani namba ya siri ya kufungulia vitu vya Deluxe. Nikamwomba aijaribu kwenye mashine yake. Ilishatumika. Code hizo hutumika mara moja na hubaki kwenye akaunti ya aliyeziingiza, kwa hiyo kilichobaki mle ni Standard yenye karatasi nzuri ya juu. Tukakubaliana bei ya Standard.

Collector's ni habari nyingine, kwa sababu hapo hununui gemu, unanunua sanamu. Sina ugomvi na anayependa sanamu. Ila mtu aliyeko huku aongeze usafiri, ambao kwa boksi kubwa hupimwa kwa ukubwa hata kama ni jepesi, kisha ushuru wa forodha, kisha VAT, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya. Na picha ya tangazo si ahadi ya kutosha. Fallout 76 mwaka 2018 ilitangaza toleo la dola 200 lenye begi la turubai. Wanunuzi wakapokea la nailoni, wakapewa kwanza fidia ya hela ya ndani ya gemu yenye thamani ya dola tano, na mabegi ya turubai yakaja kutengenezwa baada ya kelele.

Kubwa zaidi, soma kama ndani kuna diski. Collector's ya God of War Ragnarök ya 2022, dola 200, ilikuja na kasha zuri la chuma ambalo ndani halina diski. Gemu ilikuwa ni code ya kupakulia. Spider-Man 2 ikafanya vile vile mwaka uliofuata. Code nayo ina eneo lake, kwa hiyo boksi lililonunuliwa Marekani linataka akaunti ya Marekani, na gemu ya code huwezi kuiuza ukishaimaliza. Kwa hiyo kabla ya kumtumia ndugu aliyeko ughaibuni hela ya kukununulia, mwambie akupigie picha ya nyuma ya boksi, pale chini kwenye maandishi madogo.