Majahazi na kusi

"Kama kusi, upepo wa kutoka kusini, ndiyo iliyowarudisha Waarabu wa majahazi kwao, mbona hawakuondoka Julai, inapovuma kwelikweli?"

Julai inavuma kupita kiasi, ndugu yangu. Anayesema majahazi yalikuja na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, na kurudi na kusi, kapatia nusu tu. Nahodha aliyewahi kupakia boriti zake za Rufiji aling'oa nanga Aprili, kusi ikiwa bado changa. Aliyecheleweshwa na shehena alikaa hadi demani, kusi inapopungua, mwishoni mwa Agosti au Septemba. Katikati hapo Bahari ya Arabu huchafuka vibaya, na bandari za magharibi mwa India zilifungwa. Kwa hiyo kuchelewa wiki chache kupakia kulimgharimu miezi, na mabaharia wote wanakula.