Ragdoli inatetemeka ikianguka

"Wasee, mtu wa boda kwa gemu yangu ya Unity akianguka anatetemeka kama ameshikwa na stima. Kifua kilo 40, mkono wa juu 0.5. Nakosea wapi?"

Hapo kwa uzito bro, kifua ni mara 80 ya mkono na jointi haiwezi tulia hivyo, jaribu kifua 15, mkono wa juu 3, wa chini 2, yaani vipande vimeshikana visipitane mara 10, na usijali kilo za ukweli. Ikibaki kutetemeka angalia goti, mimi nilikuwa nimeweka `Swing 1 Limit` digrii 2 ikawa inagonga huku na huku tu, nikaweka 0 ikajifunga, ama ipe 10 hivi. Kujua kama ni limiti, ifungue hadi 170 kwanza, ikitulia umeipata.